Mahindi yamekauka, bima imelipa nusu: Hivi ndivyo fidia inavyopigiwa hesabu

Mkulima amepoteza karibu mahindi yote, lakini bima inamlipa nusu tu. Jirani yake amevuna vizuri na analipwa vilevile. Si lazima kuwe na ujanja hapo. Bima ya mvua ndivyo inavyofanya kazi.

Bima hii haipimi hasara shambani. Inapima mvua iliyonyesha katika eneo, kwa kutumia kituo cha hali ya hewa au picha za setilaiti. Nchini Kenya ilianza kufika kwa wakulima wadogo mwaka 2009 kupitia mpango wa Kilimo Salama. Kwa kuwa hakuna mkaguzi anayezunguka shamba kwa shamba, gharama hupungua na malipo huweza kutoka haraka.

Mkataba huwa na viwango viwili. Cha kwanza ndicho kinachoanzisha malipo. Cha pili kikifikiwa, mkulima hulipwa fidia yote.

Tuchukue mfano. Bima ni ya Sh20,000. Malipo yanaanza mvua ikiwa chini ya milimita 100 katika kipindi cha mahindi kutoa maua. Ikishuka hadi milimita 40, analipwa zote.

Kipimo kikisoma milimita 70, zimepungua 30 kutoka 100. Kutoka 100 hadi 40 ni tofauti ya 60. Kwa hiyo 30 ni nusu, naye anapata Sh10,000. Kipimo kikisoma milimita 101, hapati hata shilingi, hata kama shamba lake limekauka kabisa.

Tofauti inatoka wapi? Kwanza, umbali. Mvua inaweza kunyesha penye kituo na kuruka kijiji cha pili. Setilaiti nayo husoma wastani wa eneo zima, mara nyingi mraba wa takriban kilomita tano kila upande, si ekari moja ya mtu.

Pili, mpangilio wa mvua. Milimita 100 zikimwagika siku mbili, kisha jua likawaka wiki tatu, jumla inaonekana sawa ilhali mahindi yamenyauka.

Tatu, chanzo cha hasara. Viwavijeshi wakila mahindi, kipimo cha mvua hakiwezi kuona. Bima ya ukame pekee hailipi hasara hiyo.

Ndiyo maana kabla ya kulipa ada, muulize wakala: mvua inapimwa wapi, kuanzia tarehe gani hadi gani, malipo yanaanza milimita ngapi, na hatari zipi zimeachwa nje? Ukipanda wiki tatu baada ya tarehe ya mkataba kuanza, huenda kipimo kikafunga hesabu kabla mahindi yako hayajatoa maua.

Kama kituo kiko mbali, au upande wa pili wa mlima, usiitegemee bima hiyo peke yake.