Moshi Ndani ya Ukumbi wa Ghorofa Nyingi

Tuseme moto wa megawati 5 umewaka sakafuni mwa ukumbi wa wazi unaopanda hadi paa la jengo la maduka. Watu wanaotoroka wanapita kwenye baraza ya juu kabisa, mita 10 kutoka chini. Mhandisi anataka sehemu ya chini ya safu ya moshi ibaki mita 12.

Moshi unapopanda huvuta hewa safi pembeni, hivyo huzidi kuwa mwingi. Kwa hesabu za kiwango cha Marekani, NFPA 92, mkondo huo ukifika mita 6 hubeba takriban kilo 28 kila sekunde. Ukifika mita 12, kilo 74.

Basi feni za paani ziondoe takriban mita za ujazo 72 kila sekunde.

Hewa ya kufidia nayo iingie chini ya safu ya moshi, isizidi takriban mita 1 kwa sekunde inapogusa mkondo. Ikienda kasi zaidi, huupinda mkondo na kuongeza moshi. Milango ya hewa ikibaki imefungwa, feni kubwa hazitafikia kiwango hicho.