Nyama imeiva, viazi bado vigumu

Ukifunua sufuria ya umeme ya kupikia polepole baada ya saa sita, ukakuta nyama inachambuka kwa kijiko ilhali viazi bado vigumu, ujue hizo ni tabia mbili za joto. Nyama ngumu ya ng'ombe huanza kulainika kwenye nyuzi 70 hivi za Selsiasi, mradi ikae humo muda mrefu. Viazi na karoti havilegei vizuri mpaka joto lipite nyuzi 85.

Tena waya wa joto umezunguka ubavuni, nje ya chungu cha ndani. Kiazi kikubwa kilicho juu, nje ya mchuzi, hupata joto mwisho kabisa. Kwa hiyo kata viazi vidogo vinavyolingana, vitangulie chini na pembeni, vizame kwenye mchuzi, ndipo nyama ije juu. Nyanya na ndimu nazo zisubiri viazi viive, kwa sababu uchachu huvichelewesha kulainika.

Kuhusu swichi, wengi huchukulia LOW na HIGH kama moto mdogo na moto mkali wa gesi. Katika sufuria nyingi zote mbili huishia karibu joto lile lile, chini kidogo ya kuchemka. HIGH huwahi kufika tu. Chakula cha saa nne kwenye HIGH huchukua kama saa nane kwenye LOW. WARM haipiki kabisa. Kazi yake ni kutunza chakula kilichokwisha kuiva, na nyama mbichi ukiianzishia hapo itakaa saa nyingi katika uvuguvugu ambao bakteria huupenda.

Sufuria ikichelewa kupita kiasi, angalia umeme kwanza. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 190, sufuria ya wati 250 hubaki na wati kama 170, yaani imepoteza karibu theluthi ya nguvu yake. Nyama iliyoganda huongeza uchelewaji na hatari, basi iyeyushwe kwanza ndani ya friji. Kila unapofunua kuchungulia, unaweza kupoteza dakika 20 au zaidi za kupika.

Maharage mekundu yana sharti lake. Yaloweke, mwaga maji hayo, kisha yachemshe jikoni kwa dakika 10 kabla ya kuyatia humu. Yana sumu ambayo joto la LOW huenda lisiiondoe.

Kama bado una shaka na sufuria yako, jaza maji nusu, funika, weka LOW kwa saa nane, kisha pima kwa kipimajoto mara tu unapofunua. Nyuzi 85 hadi 93 ni sawa. Zikipungua, rudia siku ambayo umeme ni mzuri. Zikipungua tena, usipikie nyama humo.