Shilingi 26,000 Zisizo na Maelezo

Chama cha kufa na kuzikana cha mtaani hakina mhasibu. Kina mweka hazina aliyechaguliwa kwa kunyoosha mikono, daftari la mistari, kitabu cha stakabadhi, akaunti ya benki na laini ya simu ya kupokelea michango. Muda wake ukiisha, mweka hazina huyo hutakiwa kuja mkutanoni na taarifa ya makabidhiano: alikuta kiasi gani, kimeingia kiasi gani, kimetoka kiasi gani, anaacha kiasi gani. Wengi huiandika kwa kujumlisha na kutoa, kisha jibu linalopatikana wakaliita salio. Hapo ndipo kasoro inapoanzia, kwa sababu hesabu ya daftarini peke yake haithibitishi kwamba fedha zipo.

Tuchukue mfano wa chama chenye wanachama 40, ada shilingi 5,000 kwa mwezi, kinachokabidhiana tarehe 31 Desemba. Salio anzia, yaani fedha zilizokuwapo Januari mosi, ni 2,160,000. Kiasi hicho hakitolewi kichwani, na wala hakianzii pale mweka hazina alipoanza kuandika vizuri. Ni lazima kilingane na salio ishia lililosomwa mwaka uliopita na kuingizwa kwenye muhtasari wa mkutano. Katibu anao muhtasari huo. Mtu aufungue na kulinganisha. Salio anzia likipishana na muhtasari, hakuna haja ya kuendelea na kurasa nyingine kabla jambo hilo halijaeleweka.

Daftari la mwaka linasema hivi:

Salio anzia: 2,160,000
Mapato (ada 2,215,000, kukodisha viti na turubai 300,000, faini 45,000): 2,560,000
Malipo (rambirambi za misiba mitano 1,500,000, turubai jipya 420,000, usafiri na shajala 92,000, makato ya simu 38,000): 2,050,000
Salio linalotakiwa kuwapo: 2,670,000

Angalia ada. Wanachama 40 wakilipa wote miezi 12 ni 2,400,000, lakini zilizoingia ni 2,215,000. Zile 185,000 zilizobaki ni deni la wanachama, na deni halikai kwenye mapato. Huandikwa pembeni, majina na miezi, ili mweka hazina mpya ajue wa kumdai.

Sasa inakuja kazi ya pili, nayo haitegemei ile ya kwanza hata kidogo: kuhesabu fedha zenyewe. Benki inatoa taarifa ya akaunti hadi tarehe 31 Desemba, yenye mhuri, na humo mna 2,204,000. Laini ya simu ina 281,000. Fedha za mkononi zinahesabiwa mezani mbele ya anayetoka, anayeingia na shahidi mmoja: noti moja ya 10,000, mbili za 5,000 na sarafu nne za 500, jumla 22,000. Ukizijumlisha zote unapata 2,507,000.

Daftari linasema 2,670,000. Pungufu ni 163,000.

Hapa ukumbi huchangamka. Wapo watakaosema mweka hazina kala fedha, na mwenyewe, kwa aibu, anaweza kuahidi kuzilipa hapo hapo. Mkutano usiikubali ahadi hiyo upesi. Fedha ikijazwa kabla ya kutafutwa, daftari litalingana huku kosa likiwa bado limo ndani, na mwakani litamwangukia mtu mwingine. Mimi naliogopa zaidi daftari linalolingana kwa sababu kuna mstari wa “matumizi mengineyo” ulioongezwa usiku wa kuamkia mkutano.

Kutafuta kunaanza kwenye taarifa ya benki. Kila mstari wake unawekewa alama ukionekana pia daftarini, na mistari isiyo na mwenzake ndiyo inayosakwa. Katika mfano huu, benki ilikata 2,500 kila mwezi kwa kuendesha akaunti, na mweka hazina aliandika makato ya simu tu. Miezi 12 ni 30,000. Pungufu linashuka hadi 133,000.

Kisha stakabadhi za malipo zinapitiwa moja moja dhidi ya daftari. Nauli ya kwenda msibani ina risiti ya 63,000, ila daftarini imeandikwa 36,000. Tarakimu mbili zimebadilishana nafasi, na 27,000 zimetoka bila kuonekana. Wenye uzoefu wana njia yao ya kulinusa kosa la aina hii: tofauti inayoletwa na tarakimu zilizopinduka hugawanyika kwa 9 bila kubaki kitu. Ila njia hiyo hufaa pale kosa likiwa ni hilo peke yake. Zile 163,000 za mwanzo hazigawanyiki kwa 9, kwa kuwa makosa yalikuwa yamechanganyika. Sasa zimebaki 106,000.

Kosa la tatu ndilo linaloviponza zaidi vyama vidogo. Mwezi Juni mweka hazina alitoa benki 80,000 ili awe na fedha mkononi, akaziandika kwenye mapato, chini ya viti na turubai. Lakini chama hakikupata hata senti: fedha zilihama tu. Ukodishaji halisi ulikuwa 220,000, na kitabu cha stakabadhi kinathibitisha, maana hakuna stakabadhi ya zile 80,000. Ukiziondoa, mapato sahihi ni 2,480,000. Malipo sahihi, baada ya kuongeza makato ya benki na nauli, ni 2,107,000. Salio linalotakiwa linakuwa 2,533,000, na zilizopo ni 2,507,000.

Zimebaki 26,000 ambazo hakuna karatasi inayozieleza. Hizo zinaandikwa kwenye taarifa kwa mstari wake: “Tofauti isiyoelezeka, pungufu 26,000”, na chini yake yanatajwa yaliyokaguliwa. Ingekuwa ziada ya 26,000 ingeandikwa vivyo hivyo. Ziada nayo ni tofauti, na mara nyingi ni ada ya mtu aliyelipa akanyimwa stakabadhi. Makosa ya daftarini hayafutwi kwa wino mweupe. Yanapigwa mstari mmoja yakiwa bado yanasomeka, kiasi sahihi kinaandikwa juu, na aliyesahihisha anatia saini. Kama zile 26,000 zitalipwa, zitafutwa au zitachunguzwa zaidi, uamuzi ni wa mkutano na unaingia kwenye muhtasari. Mweka hazina mpya anaanza na 2,507,000 alizoziona kwa macho, hata kama mkutano haujaamua.

Kabla hajatia saini, aulize yaliyoahidiwa ila hayajalipwa. Msiba uliotokea tarehe 29 Desemba bado unadai rambirambi ya 300,000. Fedha ipo benki lakini imeshapata mwenyewe, na taarifa isipoitaja, mweka hazina mpya ataanza kazi akidhani chama kina uwezo kuliko kilivyo.

Benki nayo huendelea kumtambua mtia saini wa zamani mpaka ipelekewe barua na muhtasari wa mkutano uliombadilisha. Laini ya simu ina ugumu zaidi. Tanzania ilikamilisha usajili wa laini kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa mwanzoni mwa mwaka 2020, hivyo laini iliyosajiliwa kwa jina la mweka hazina anayetoka hubaki yake, hata akikabidhi kadi na namba ya siri. Anaweza kwenda dukani, akaweka kidole na kupewa kadi nyingine. Ni salama zaidi zile 281,000 zihamishiwe benki siku hiyo hiyo, makato ya kuzihamisha yaandikwe, na wanachama watangaziwe namba mpya ya kulipia ada ya Januari.