Maji Yanaweza Kuchemka Bila Kuongezwa Moto: Kusoma Mchoro wa Hali za Maji

Hapa Ghala nawasomesha fizikia watoto wa jamaa na majirani, wengi wao wa nyumba zinazozungumza Kiswahili. Kila mwaka unafika ule ukurasa wenye mistari mitatu iliyokutana katikati kama panda ya njia, na kila mwaka mtoto anautazama huku ameshikilia jambo moja alilolijua tangu mdogo: maji huchemka kwenye digrii 100. Mchoro ule umewekwa kitabuni kumwambia kwamba hilo si kweli kila mahali. Mzazi anayepika maharage kwa sufuria ya presha nyumbani anaweza kumsaidia, kwani jibu analo jikoni.

Tuanze na kuusoma. Mstari wa chini, unaokwenda kulia, ni joto. Mstari uliosimama ni presha, ambayo vitabu vya Kiswahili huiita kanieneo. Weka kidole popote: umechagua joto moja na presha moja, na eneo kilipoangukia kidole linakwambia maji yatakuwa katika hali gani. Kushoto ni barafu, juu katikati ni maji, na chini kulia ni mvuke. Mistari ni mipaka. Ukiwa juu ya mpaka wenyewe, hali mbili zinaweza kukaa pamoja bila mojawapo kuimaliza nyingine.

Pale mistari yote mitatu inapokutana ni nukta ya hali tatu. Hapo barafu, maji na mvuke hukaa katika chombo kimoja kwa utulivu. Kwa maji safi nukta hiyo ni moja tu: digrii 0.01 za Selsiasi, na presha ya paskali 611 hivi. Presha ya hewa ya ufukweni ni karibu paskali 101,300, kwa hiyo tunazungumzia sehemu ndogo mno, chini ya moja kwa mia. Kwa kuwa nukta hiyo haihami, kuanzia 1954 hadi 2019 wanasayansi waliitumia kuweka kipimo cha joto cha kelvini. Chini ya presha hiyo eneo la maji halipo kabisa: barafu ikipashwa moto hugeuka mvuke moja kwa moja, bila kupitia hali ya maji.

Sasa fuata mstari unaoanzia kwenye nukta hiyo ukipanda kuelekea kulia. Huu ndio mpaka wa maji na mvuke, nao ndio unaotuhusu zaidi. Soma presha ya mahali ulipo, nenda kulia mpaka uuguse mstari, kisha teremka usome joto. Hapo ndipo maji yatakapochemka. Kwa Maskati, ufukweni, utasoma 100. Kwenye uwanda wa Jebel Shams wanakopiga kambi watu, karibu mita 2,000 juu ya bahari, hewa ni nyepesi na utasoma kama 93. Kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, kitakupa kama 81. Ndiyo maana maharage ya kambini hayaivi upesi hata ukichochea kuni vipi: maji yakishachemka, moto wa ziada huongeza mvuke tu, hauongezi joto.

Sufuria ya presha hufanya kinyume chake. Kifuniko kinazuia mvuke, presha ndani inapanda mpaka karibu mara mbili ya ile ya nje, na mstari unatwambia maji hayatachemka hadi digrii 120 hivi. Digrii hizo 20 ndizo zinazolainisha maharage mapema. Ukiona sufuria haipulizi mvuke kwenye kile kidude cha juu, bali unavuja pembeni mwa kifuniko, mpira umechoka. Ndani mna digrii 100 tu, na maharage yatachukua muda uleule wa sufuria ya kawaida.

Hapa kuna jambo ambalo wanafunzi wengi hulipita. Mpaka ule unaweza kuuvuka kwa njia mbili. Ya kwanza ni kwenda kulia: kuongeza joto, kama kila mtu ajuavyo. Ya pili ni kuteremka: kuacha joto lilivyo na kupunguza presha. Ukiteremka ukaugusa mstari, maji yatachemka ingawa hujaongeza moto hata kidogo.

Tuchukue mfano tuupigie hesabu. Una lita mbili za maji kwenye digrii 120 ndani ya sufuria ya presha, na mtu analazimisha kifuniko kifunguke. Kwa ghafla presha inashuka kuwa ya nje, ambapo maji hayawezi kubaki juu ya digrii 100. Lazima yapoteze digrii 20. Kila kilo ya maji hutoa kilojuli 4.2 kwa kila digrii inayoshuka, kwa hiyo kilo mbili zitatoa 2 × 4.2 × 20, yaani kilojuli 168. Kugeuza gramu moja ya maji kuwa mvuke kunahitaji kama kilojuli 2.26. Gawanya: unapata gramu 74 hivi. Zinaonekana chache, lakini kila gramu ya mvuke hujaza karibu lita 1.7. Ni kama lita 125 za mvuke, ujazo wa ndoo sita kubwa, zinazotaka kutoka mara moja, na zinasukuma maharage na mchuzi wa moto kwenda usoni. Kwa hiyo zima jiko, ngoja mvuke uishe na kile kipini cha usalama kishuke chenyewe. Kifuniko kinachokataa kufunguka kinakwambia kwamba presha bado imo ndani.

Hatari hiyohiyo ikidhibitiwa hutoa maji ya kunywa. Jirani yetu Ghubra, upande wa bahari, kiwanda cha kwanza cha kusafisha maji ya bahari kilianza kazi mwaka 1976, na kiliteremka mpaka huohuo kwa makusudi. Katika mitambo ya aina ile, maji ya bahari hupashwa moto hadi karibu digrii 100, kisha hupitishwa chumba baada ya chumba, kila kimoja kikiwa na presha ndogo kuliko kilichotangulia. Katika kila chumba sehemu ya maji huchemka ghafla, mvuke unakusanywa kuwa maji matamu, na chumvi inabaki nyuma. Kwenye vyumba vya mwisho maji huchemka yakiwa na joto la digrii 40 hivi, joto la mchana wa kiangazi hapa Ghala. Kiwanda kipya cha Ghubra kinachuja kwa utando bila kuchemsha.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza: “Ami, kama mchoro unasema kwenye digrii 40 na presha ya hapa ni maji, mbona nguo kwenye kamba zinakauka?” Ni swali zuri, kwa sababu linaonyesha mpaka wa mchoro wenyewe. Mchoro unahesabu chombo chenye maji peke yake, bila hewa. Kwenye kamba kuna hewa, na presha inayohusika ni sehemu ya mvuke tu iliyomo hewani, ambayo siku kavu ni ndogo sana. Nguo hukauka kwa maji kutoroka juu ya uso wake. Kuchemka ni pale mapovu ya mvuke yanapoweza kuzaliwa ndani ya maji yenyewe, na hilo linahitaji presha yote inayoyakandamiza ishuke hadi kwenye mstari.

Pia mchoro ni wa maji safi. Ya bahari huchemka juu kidogo. Na angalia vipimo pembeni kabla ya kutumia rula: vitabu vingi huivuta nukta ya hali tatu mbali na sifuri ili ionekane. Kwenye mtihani, soma namba zilizoandikwa, usipime urefu wa mistari.