Chumba Kipya Katika Picha ya Nyumba ya Zamani

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa vitendo mwaka 2016, na mji wake kujengwa Mtumba, majirani wa Ihumwa wamepata sababu ya kuongeza vyumba. Nyumba iliyotosha baba, mama na watoto sasa yatazamwa kwa jicho la mpangaji. Kabla ya tofali la kwanza kununuliwa, jamaa hutaka kuona nyumba itakavyokuwa, na mara nyingi hupewa picha ambayo chumba kipya kimebandikwa ubavuni kama stempu juu ya bahasha. Ndugu msomaji, picha iliyo sahihi waweza kuifanya wewe mwenyewe kwa rula, uzi, pini mbili na karatasi angavu.

Tuchukue nyumba yenye ukuta wa mbele wa meta 6, unaotazama kaskazini, nasi twataka kuongeza chumba cha meta 3 upande wa mashariki. Simama kaskazini-mashariki, mbali kiasi cha kuacha uwanja wa chumba kipya ndani ya picha. Shika kamera wima. Ukiiinamisha kuyatazama mapaa, pembe za nyumba zitalala. Toa picha kwenye karatasi, uibandike juu ya ubao mpana, kisha uifunike kwa ile karatasi angavu.

Sasa nyoosha uzi juu ya upenu, na mwingine juu ya mstari wa chini wa ukuta. Katika picha yetu nyuzi hizo zakutana kulia, nje kabisa ya karatasi. Choma pini hapo. Mistari yote ya ukuta wa mbele iliyolala, ya zamani na mipya, yaani linta, vizingiti vya madirisha na upenu, hapana budi ielekee kwenye pini hiyo. Ukuta wa ubavuni nao una pini yake kushoto, na pini zote mbili zakaa katika kimo cha macho ya mpiga picha.

Wengi hukosea katika urefu. Hudhani kwamba kwa kuwa chumba ni nusu ya ukuta, basi kichukue nusu ya nafasi yake pichani. Tuseme pembe ya mbali ya ukuta ina kimo cha milimeta 40 pichani, na ile iliyo karibu nawe milimeta 60. Chora mistari miwili ya mshazari kutoka pembe hadi pembe ya ukuta huo. Inapokatana ndipo katikati yake halisi, penye meta 3 kila upande. Pitisha hapo mstari wima. Kisha, kutoka ncha ya juu ya mstari huo, piga mstari upite katikati ya kimo cha pembe iliyo karibu, milimeta 30 kutoka chini, uendelee mpaka uguse mstari wa chini uliorefushwa. Hapo ndipo mwisho wa chumba kipya.

Ukipima utastaajabu. Chumba cha meta 3 kimechukua upana ule ule wa ukuta mzima wa meta 6, na pembe yake mpya ina kimo cha milimeta 80. Sababu ni kwamba chumba chaja kuelekea kwako. Aliyekichora kwa kimo cha 60 amejenga kibanda cha kuku.

Kisha huja mwanga. Mwezi Juni, adhuhuri, jua la Dodoma liko kaskazini, na upenu wa sentimeta 60 hushusha kivuli cha kama meta moja ukutani. Kivuli hicho lazima kivuke kiungio bila kukatika wala kupanda. Mwezi Desemba jua la adhuhuri liko kusini na ukuta huo huo umo kivulini. Kwa hiyo usichukue rangi ya ukuta kutoka picha ya siku nyingine. Chukua ya hapo hapo, pamoja na doa jekundu la udongo uliorushwa na mvua karibu na msingi.

Pembe ya zamani ifutwe, kwa kuwa kuta zitakuwa sawa, lakini acha mstari mwembamba wima mahali ilipokuwa. Msingi wa zamani umekwisha kutulia, mpya bado. Lipu ikipita juu ya kiungio kana kwamba ukuta ni mmoja, ufa hutokea hapo hapo. Picha isiyo na mstari huo yapendeza, lakini yadanganya.

Kabla hujaifunika ubavu wa mashariki, utazame tena. Kama kuna dirisha hapo, chumba kipya kitalifunika, na anayelala ndani atapoteza mwanga na upepo wake. Katika mchoro wa fundi jambo hili hupita kimya. Pichani huliona mkono wako unapolifuta. Ni afadhali mjadala huo ufanyike sasa, dirisha lingali linaweza kuhamishiwa ukuta mwingine, kisha ndipo mchoraji aandae ramani ya kuombea kibali cha ujenzi.