Koloni Nyeupe Haijathibitisha Kitu

Sahani ya agari ikitolewa asubuhi kwenye joto la nyuzi 37 huwa imejaa vidoa vya bakteria, vingine buluu, vingine vyeupe. Kila kidoa ni koloni, yaani mamilioni ya bakteria waliozaliwa na mmoja tu aliyetua hapo jana yake. Anayejifunza kupandikiza jeni hukaririshwa mapema kwamba buluu ni za kutupa na nyeupe ni za kuchukua. Kwa hiyo huzichukua nyeupe, huzikuza usiku kucha, hutoa DNA yake, na baada ya siku mbili anagundua kwamba nusu yake hazina kitu ndani. Hakudanganywa. Ila hakuambiwa kwamba rangi ya sahani moja haisomeki mpaka iwekwe kando ya sahani nyingine.

Tuichukue kazi moja. Mtafiti ana kipande cha DNA chenye jozi 800 za bezi kutoka kwenye virusi vya batobato ya muhogo, na anataka kukizalisha kwa wingi ili akisome herufi kwa herufi. Anakichomeka kwenye plasmidi, ambayo ni pete ndogo ya DNA inayoishi ndani ya bakteria na kujinakili humo. Plasmidi yake ni pUC19, ya jozi 2,686, iliyotoka katika maabara ya Joachim Messing na wenzake miaka ya 1980. Herufi UC ni za Chuo Kikuu cha Kalifonia, alikokuwa wakati huo. Pete hufunguliwa kwa kimeng'enya kinachokata DNA, EcoRI, na kipande cha virusi hukatwa miisho yake kwa kimeng'enya hichohicho ili ncha zilingane. Kisha vyote viwili huchanganywa na ligesi, kimeng'enya cha kuunga ncha, na mchanganyiko huo huingizwa katika bakteria aina ya E. coli.

Hapo yanazuka maswali mawili tofauti, na watu wengi huyachanganya. Bakteria yupi amepokea plasmidi? Na kati ya hao, ni yupi plasmidi yake imebeba kipande?

Swali la kwanza hujibiwa na ampisilini. Agari huwekewa mikrogramu 100 kwa kila mililita, na bakteria asiye na plasmidi hawezi kukua. Aliye nayo huokoka kwa sababu pUC19 ina jeni ya kutengeneza kimeng'enya kinachoivunja dawa hiyo. Seli zinazopokea plasmidi ni chache mno, kwa hiyo bila ampisilini sahani ingefunikwa na utando mmoja wa bakteria wasio na kazi. Lakini ampisilini haijui chochote kuhusu kipande cha virusi. Plasmidi iliyojifunga tena tupu inaokoa bakteria sawasawa na iliyobeba mzigo.

Swali la pili ndilo la rangi. Bakteria wanaotumika, kwa mfano DH5α, wana kimeng'enya cha kuvunja sukari ya maziwa kilichoharibiwa kwa makusudi: karibu na mwanzo wake kimekosa asidi amino ya 11 hadi ya 41, na peke yake hakifanyi kazi. pUC19 nayo hutengeneza kile kipande cha mwanzo tu, ambacho pia peke yake hakina faida. Vikikutana ndani ya seli hushikana na kazi huanza, kama mkasi uliotenganishwa vipande viwili kisha ukaunganishwa. Jambo hilo lilichunguzwa na Agnes Ullmann, François Jacob na Jacques Monod kule Paris, wakalichapisha mwaka 1967, miaka mingi kabla ya mtu yeyote kulitumia kuchagua koloni.

Ili kazi hiyo ionekane kwa macho, agari hutiwa X-gal, kemikali iliyounganishwa na sukari. Kimeng'enya kinapoikata, sehemu inayobaki hukutana na oksijeni, ikajiunga mbili mbili na kuwa rangi ya jamii ya nili, ile inayotia buluu vitambaa. Rangi hiyo haiyeyuki katika maji, ndiyo maana hukaa palepale kwenye koloni bila kusambaa sahani nzima. Mara nyingi huongezwa IPTG, ambayo kazi yake ni kuwasha jeni tu na yenyewe hailiwi.

Mahali pa kukatia pUC19 pamewekwa katikati ya jeni ya kile kipande cha mwanzo. Kipande cha virusi kikiingia hapo, jeni inakatizwa, mkasi haukamiliki, na koloni inabaki nyeupe. Kwa hiyo nyeupe maana yake ni jambo moja tu: jeni hiyo imeharibika. Imeharibiwa na nini, rangi haisemi.

Na njia ya kuiharibu bila kuchomeka chochote ipo, tena ni rahisi. EcoRI hukata kwenye herufi GAATTC na kuacha kila ncha na mkia wa herufi nne, AATT. Tuseme ndani ya mchanganyiko kuna uchafu kidogo wa kimeng'enya kinachotafuna mikia. Mikia ikiliwa, ligesi huunga ncha butu, na pete inafungwa ikiwa imepoteza jozi nne. Jeni husomwa herufi tatu tatu, na nne haigawanyiki kwa tatu, kwa hiyo kuanzia hapo usomaji wote unakwenda kombo. Koloni inatoka nyeupe safi, nzuri kuliko hata zile za kweli, na ndani yake hakuna hata herufi moja ya virusi.

Dawa ya hili ni sahani za kulinganishia. Nimeona watu wakiziruka ili kuokoa agari, na sioni uchumi wowote hapo. Mtafiti wetu amechanganya nanogramu 50 za plasmidi iliyokatwa na nanogramu 45 hivi za kipande, kiasi kinachotoa vipande vitatu kwa kila plasmidi moja. Pembeni ameandaa mchanganyiko wa plasmidi iliyokatwa bila ligesi, mwingine wenye ligesi bila kipande, na plasmidi nzima isiyokatwa. Vyote vinaingizwa katika bakteria walewale siku ileile. Tuseme kesho yake anahesabu hivi.

Sahani ya plasmidi nzima imejaa buluu. Maana yake bakteria wako hai na wanapokea DNA, X-gal inafanya kazi, na ampisilini haijazidi. Sahani isiyo na ligesi ina buluu 5 tu. Hizo ni plasmidi ambazo EcoRI haikuzikata, na uchache wake unaonyesha ukataji ulikwenda vizuri. Sahani yenye ligesi bila kipande ina buluu 180 na nyeupe 6. Buluu hizo ni pete zilizojifunga zenyewe, na zile nyeupe 6 ndizo za uongo, kwa kuwa hapakuwa na kipande cha kuingia. Sasa sahani yenyewe: buluu 150, nyeupe 48.

Kwenye sahani tupu kulikuwa na nyeupe moja kwa kila buluu 30. Kwa buluu 150, basi, tungetegemea nyeupe za uongo 5. Zimeonekana 48. Takriban 43 zina kipande, na akichukua nane kwa ajili ya uchunguzi anaweza kutegemea kwamba saba hivi ni nzuri. Buluu 150 hazimsumbui hata kidogo.

Mgeuzie hesabu sasa. Buluu 150 zilezile, lakini nyeupe 6. Asiye na sahani ya kulinganishia atafurahia zile 6 na kuzifanyia kazi kwa siku mbili. Mwenye nayo anajua papo hapo kwamba 6 ni uchafu ule ule wa 5, na kwamba kipande chake hakikuunganika. Badala ya kukuza koloni atakwenda kuangalia ncha za kipande. Kama alikizalisha kwa PCR na kuweka alama ya EcoRI mwishoni kabisa bila herufi kadhaa za ziada nje yake, kimeng'enya hukosa pa kushikia na hakikati. Na kama buluu zingekuwa 150 kwenye sahani isiyo na ligesi, kosa lingekuwa la ukataji wa plasmidi. Kama plasmidi nzima imeota vizuri lakini sahani zote za ligesi ni karibu tupu, mtuhumiwa wa kwanza ni bafa ya ligesi, ambayo ATP yake huharibika ikigandishwa na kuyeyushwa mara kwa mara.

Kuna nyeupe nyingine ambayo si koloni ya kuhesabiwa kabisa. Kimeng'enya cha kuvunja ampisilini huvuja nje ya seli, na sahani ikiachwa kwenye joto muda mrefu, dawa inayozunguka koloni kubwa huisha. Bakteria wasio na plasmidi huota hapo, vidogo vidogo, vyeupe, vikiizunguka koloni kubwa ya buluu. Ukikosea ukachota kimoja na kukipeleka kwenye mchuzi wenye ampisilini mpya, asubuhi mchuzi uko maji. Ndiyo maana sahani huondolewa baada ya saa 16 hadi 18. Buluu ikiwa bado hafifu, saa chache kwenye friji huikoleza bila kuendelea kukuza bakteria, na mara nyingi koloni iliyodhaniwa nyeupe huanza kuonyesha kitovu cha buluu.

Upande wa pili wa kosa huonekana kwa vipande vifupi. Eneo la kukatia la pUC19 lenyewe lina jozi 54 zilizoongezwa ndani ya jeni, na bado koloni ni buluu, kwa sababu 54 inagawanyika kwa tatu na hakuna alama ya kukomea ndani yake. Kipande cha jozi 90 kinaweza kufanya vivyo hivyo na kutoa buluu ya kufifia. Kwa kipande cha jozi 800 hofu hiyo haipo. Anayechomeka kifupi asizitupe koloni za buluu hafifu kabla ya kuzipima.

Mtafiti wetu anatoa plasmidi kwenye nyeupe zake nane, anazikata tena kwa EcoRI na kuzipitisha kwenye jeli. Saba zinatoa mistari miwili, wa 2,686 na wa 800. Ya nane imegoma kukatika: mikia ilipoliwa, GAATTC ilibaki GC, na EcoRI haina tena pa kukata. Zile saba bado hazijamweleza kipande kimeingia kikielekea wapi, kwa kuwa ncha zote mbili zinafanana na kinaweza kukaa kwa mwelekeo wowote. Kwa hilo atakata kwa kimeng'enya kingine kinachopita upande mmoja wa kipande, au atapeleka plasmidi mbili tatu zikasomwe herufi.