Vilele Vitatu vya Kidonge cha Maumivu

Vidonge vingi vya maumivu vinavyouzwa madukani kwetu huchanganya dawa tatu: parasetamoli, aspirini na kafeini. Mkaguzi wa dawa akitaka kujua kila moja imo kwa kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti, lazima kwanza azitenganishe, na chombo chake cha kazi hiyo ni kromatografia. Kidonge husagwa, huyeyushwa na kuchujwa, kisha tone dogo la maji yake hupenyezwa kwenye kolamu. Kolamu ni bomba la chuma, kwa mfano la milimita 150, lililoshindiliwa punje za silika zenye upana wa maikromita 5, ambazo uso wake umevishwa nyuzi za kaboni. Pampu husukuma ndani yake mchanganyiko wa maji na methanoli. Kila dawa huzinasa nyuzi hizo kwa nguvu yake, kwa hiyo kila moja hutoka kwa wakati wake, na kigunduzi kilichopo mwishoni huchora kilele kila dawa inapopita.

Tuichukue kolamu ya namna hiyo ikiwa mpya. Kitu kisichonasa kabisa, kama urasili, kinapita kwa dakika 1.5, nao ndio muda wa chini ambao chochote kinaweza kutumia humo. Tuuite t0. Parasetamoli inatoka dakika ya 3.0, kafeini dakika ya 3.2, aspirini dakika ya 6.0.

Nyakati hizi peke yake hazitoshi, kwa sababu pampu ikienda polepole zote zitarefuka ingawa hakuna kilichobadilika kati ya dawa na kolamu. Ndiyo maana wanakemia hukokotoa kipimo cha kukawia, k:

```
k = (t − t0) / t0
```

Kwa parasetamoli ni (3.0 − 1.5) / 1.5, yaani 1.0. Maana yake, dawa hii ilitumia muda sawasawa ikiwa imenaswa na ikiwa inatembea. Kafeini inapata 1.13, aspirini 3.0. Siku moja parasetamoli ikitoka dakika ya 3.3 na urasili dakika ya 1.65, k bado ni 1.0. Hapo hakuna haja ya kuushuku mchanganyiko wa methanoli, bali atafutwe mvujo au vali mbovu ya pampu. Lakini t0 ikibaki 1.5 huku parasetamoli ikisogea, k imebadilika, na jambo la kwanza la kuchunguza ni kama mtu alipima methanoli vibaya, au kama joto la kolamu limebadilika.

Kipimo cha pili kinahusu unene wa kilele. Molekuli za parasetamoli huingia pamoja lakini hazitoki pamoja. Nyingine hupita njia fupi kati ya punje, nyingine hunaswa mara nyingi zaidi, na kadiri safari inavyorefuka ndivyo zinavyotawanyika. Mwaka 1941 Archer Martin na Richard Synge, wakifanya kazi kwenye maabara ya utafiti wa sufu mjini Leeds, Uingereza, waliazima hesabu ya minara ya kukenekea, ambamo mvuke hupanda sahani baada ya sahani. Waliihesabu kolamu kana kwamba imegawanywa katika sahani za kufikirika, na katika kila sahani dawa inagawanyika upya kati ya punje na kimiminika. Kazi yao ya kromatografia iliwapa Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 1952. Ukifungua kolamu hutaona sahani yoyote. Idadi yake, N, hupatikana kwenye mchoro:

```
N = 16 × (t / W)²
```

W ni upana wa kilele kwenye msingi, unaopatikana kwa kuchora mistari miwili inayogusa mabega ya kilele na kuishusha hadi chini. Parasetamoli ya kolamu mpya ina upana wa dakika 0.12. Gawanya 3.0 kwa 0.12 upate 25, zidisha 25 kwa yenyewe, kisha kwa 16: sahani 10,000. Muda na upana lazima viwe kwa kizio kimoja. Anayechanganya dakika na sekunde hupata jibu lisiloaminika hata kwa mbali.

Sasa swali la mkaguzi lenyewe: je, parasetamoli na kafeini zimeachana? Kipimo cha utengano hulinganisha umbali kati ya vilele na unene wake:

```
Rs = 2 × (t2 − t1) / (W1 + W2)
```

Umbali ni dakika 0.2, na kafeini ina upana wa 0.128. Mbili mara 0.2, gawanya kwa 0.248, unapata 1.61. Kwa vilele vilivyo sawia, 1.5 inatosha mstari kushuka karibu hadi chini kabla kilele cha pili hakijaanza. Ikiwa 1.0, kila kilele kinaingiliana na mwenzake kwa takriban asilimia 2 ya eneo lake.

Baada ya miezi kadhaa mchoro umebadilika. Nyakati ni zile zile, lakini parasetamoli ina upana wa 0.15 na kafeini 0.16. Rs imeshuka hadi 1.29. Kwa kuwa k hazikusogea, mchanganyiko wa methanoli hauna kosa. Sahani za parasetamoli zimebaki 6,400. Wengi wangeitupa kolamu papo hapo, na kolamu ni ghali. Napenda kila anayefanya kazi hii aangalie kwanza kilele cha mwisho. Aspirini ilikuwa na upana wa 0.24, sasa ina 0.256, yaani sahani zimetoka 10,000 hadi karibu 8,800 tu. Kolamu iliyochakaa kwa kawaida hunenepesha vilele vyote kwa uwiano unaokaribiana. Hapa kilele chembamba cha mapema kimeumia zaidi kuliko kile kipana cha baadaye, na hiyo ni dalili kwamba mtawanyiko unaongezwa nje ya kolamu: mrija mpana kupita kiasi, au kiungio ambacho ncha ya mrija haikufika mwisho na kuacha uwazi ambamo dawa inazunguka. Mrija ukikatwa vizuri na kukazwa upya, ukali wa vilele unarudi.

Hata hivyo, utaratibu unaoanguka kwa sababu ya mrija mmoja umewekwa ukingoni mno. Kuongeza urefu wa kolamu mara mbili huongeza sahani mara mbili, lakini Rs hupanda kwa mara 1.41 tu, huku muda na shinikizo vikiongezeka maradufu. Kupunguza methanoli huleta faida kubwa zaidi. Tuseme parasetamoli inasogea hadi dakika 4.5 na kafeini 5.4, yaani k ya 2.0 na 2.6. Hata kwa sahani 6,400, upana ni 0.225 na 0.27, na Rs inafika 3.6.

Gharama yake huangukia aspirini, ambayo sasa inachelewa sana, na kilele chake kinapanuka na kuwa kifupi, kigumu kupima kwenye kelele za mstari. Kwa hiyo wengi hulenga k kati ya 2 na 10. Kwa t0 ya dakika 1.5 hiyo ni kati ya dakika 4.5 na 16.5. Na kama mtu atachagua kuongeza methanoli hatua kwa hatua wakati wa safari ili kuiharakisha aspirini, Rs bado itasomeka kwenye mchoro, lakini N na k hazikokotolewi tena kwa kanuni hizi, kwa sababu nguvu ya kimiminika haikubaki moja tangu mwanzo hadi mwisho.